Msisaini mkataba wa mtambo kabla ya kujua kutu inatoka wapi: barua ya wazi kwa wasimamizi wa maji yetu

Kwa Mwenyekiti na wajumbe wa chombo chetu cha watumia maji,
Kwa Mhandisi wa Maji wa wilaya,
Kwa Mheshimiwa Diwani wa kata,

Ndugu viongozi,

Naomba msisaini kwanza mkataba wa mtambo wa kuchuja maji uliojadiliwa kwenye kikao kilichopita. Sipingi maji yetu kutibiwa, maana yanahitaji kutibiwa, na nimelisema hilo tangu mradi ulipofunguliwa. Ninachopinga ni kununua dawa moja kwa magonjwa mawili. Pampu ya mkono ya shule na kisima kirefu cha sola vyote vinatoa maji yanayoacha kutu kwenye nguo, lakini kutu ya shuleni na kutu ya kisima kikubwa hazina chanzo kimoja. Mtambo unaopendekezwa hautaponya hata moja kati ya hizo mbili.

Nimefanya kazi kwenye maabara ya maji mpaka kustaafu kwangu, na vipimo ninavyovitaja humu nilivichukua mwenyewe, mbele ya mwalimu wa zamu na mlinzi wa pampu. Naviweka wazi ili mtu yeyote mwenye chombo cha kupimia aje kuvirudia.

Nianze na malalamiko ambayo mmeyasikia mikutanoni. Maji yanatoka bombani yakiwa meupe kabisa, ukiyaangalia kwenye glasi huoni kitu. Yakikaa kwenye ndoo saa moja au mbili yanageuka rangi ya chai ya rangi, na asubuhi unakuta vumbi la kahawia limetulia chini. Sare za shule zinaanza kuwa za manjano kwenye kola na kwapani, halafu zinakuwa na madoa ya kahawia yasiyotoka. Kwenye sinki za zahanati kuna mstari mwekundu kutoka kwenye koki mpaka kwenye tundu la kutolea maji. Kisha kuna doa la pili ambalo watu wanalichanganya na uchafu wa kawaida, nalo ni jeusi. Ukifungua mdomo wa koki unakuta utando mweusi unaopaka vidole kama masizi, na maji yakikatika kisha yakarudi, yanakuja na vipande vyeusi vinavyoingia kwenye ndoo na kwenye nguo zilizolowekwa. Jekundu ni chuma. Jeusi ni manganizi. Madini haya mawili husafiri pamoja kwenye maji ya ardhini yasiyo na hewa, hasa karibu na mabonde ya vinamasi kama letu, lakini hayatoki kwenye maji kwa njia moja, na hapo ndipo miradi mingi inapokwama.

Chini ya ardhi hakuna oksijeni ya kutosha, kwa hiyo chuma kinakuwa kimeyeyuka, hakina rangi. Maji yakikutana na hewa, chuma kinashika oksijeni na kugeuka kuwa chembe za kutu. Ndiyo maana glasi inakuwa nyeupe na ndoo inakuwa ya kahawia, na ndiyo maana wanaosema tunachafua ndoo zetu wenyewe wanatuonea.

Sasa nije kwenye suala la vyanzo viwili, kwa sababu ndilo linaloamua fedha ziende wapi.

Chuma kinaweza kutoka kwenye mwamba na mchanga unaobeba maji. Pia kinaweza kutoka kwenye bomba lenyewe linalopandisha maji. Pampu ya shule ilifungwa mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki. Mabomba hayo ni imara kwenye maji yasiyo na ukali, lakini maji yenye pH, yaani kipimo cha ukali ambacho hushuka ukali unapozidi, chini ya 6.5 hula zinki kwanza, kisha hula chuma. Nilipima pH palepale kwenye pampu ya shule nikapata 6.1. Usiku kucha maji yanasimama ndani ya bomba yakililamba, na asubuhi watoto wa kwanza wanachota kutu ya bomba.

Kutofautisha vyanzo hivi hakuhitaji mtambo wala mtaalamu kutoka mbali. Pampu ifungwe jioni isiguswe na mtu. Asubuhi, chupa ya kwanza ijazwe kwa maji ya kwanza kabisa. Kisha pampu isukumwe bila kupumzika na maji yahesabiwe kwa ndoo, na chupa nyingine zijazwe baada ya lita 20, 100, 300 na 500. Nilichagua lita hizo kwa sababu bomba la shule lina urefu wa karibu mita 40 na upana wa ndani wa milimita 32 hivi, kwa hiyo lenyewe linabeba lita 32 tu, ndoo moja na nusu. Lakini shimo la kisima linabeba karibu lita 300, na nalo lazima liondoke ndipo uanze kuyapata maji mapya yanayotoka kwenye mwamba. Mtu akisukuma ndoo mbili akaridhika, anapima bado maji yaliyolala.

Chupa ya kwanza ya shule ilikuwa na miligramu 9 za chuma kwa lita. Baada ya lita 100 zilikuwa 3. Baada ya lita 300 zilishuka hadi 0.8, na baada ya lita 500 zilikuwa 0.7, hazikushuka tena kwa maana. Zinki nayo ilikuwa juu kwenye chupa ya kwanza na ikashuka vilevile. Hapo hakuna fumbo: sehemu kubwa ya kutu ya shule ni bomba linaloliwa. Mwamba wa pale unatoa chuma kidogo, ingawa ni zaidi ya mara mbili ya 0.3 ambayo viwango vya Afrika Mashariki vinakubali kwa maji ya kunywa, na ambayo pia ndiyo mpaka ambapo nguo huanza kushika madoa.

Kwenye kisima cha sola mambo ni tofauti kabisa. Maji ya kwanza ya asubuhi yalikuwa na 3.6. Baada ya pampu kufanya kazi saa mbili yalikuwa na 3.5. Manganizi ilikuwa 0.5 mwanzo na 0.5 mwisho. Bomba la kisima hicho ni la plastiki, kwa hiyo halina cha kuliwa. Hicho ni chuma cha ardhini, na hata mkibadilisha bomba mara kumi kitaendelea kuja.

Kwa shule, basi, tiba ni kuyang'oa mabomba yale na kuweka ya plastiki ngumu yanayokubalika kwa pampu za mkono, au ya chuma cha pua, pamoja na fito zake. Uganda ilikwishaona hasara hii na mwaka 2016 ikazuia mabomba yaliyopakwa zinki kwenye pampu mpya za mkono. Sisi tunaendelea kuyafunga, kisha baada ya miaka michache yanatoboka kwenye nyuzi za maungio, yanadondokea kisimani, na pampu nzuri inaitwa kisima kibovu. Kuweka kichujio juu ya bomba linalooza ni kuchuja bomba. Kazi ya shule inaweza kufanyika ndani ya siku moja na fundi wa pampu pamoja na vijana wanne, na kiasi cha fedha kinachohitajika ni kidogo sana kikilinganishwa na mtambo.

Hapa lazima niseme juu ya karatasi ya maabara mnayoishika mkononi, ile inayosema kisima cha sola kina chuma cha 0.2 tu na kwamba maji yako salama kwa kiwango. Wananchi wameonyeshwa karatasi hiyo na kuambiwa madoa yao ni ya sabuni. Naifahamu safari ya sampuli ile. Ilichukuliwa kwenye chupa ya kawaida, haikutiwa asidi, ikakaa siku kadhaa kwenye gari kabla ya kufika maabara. Siku hizo zote chuma kilikuwa kinageuka kutu ndani ya chupa na kung'ang'ania kwenye kuta zake, na aliyepima alipima maji meupe yaliyobaki juu. Sampuli ya chuma na manganizi hutiwa matone ya asidi ya nitriki palepale kisimani mpaka pH ishuke chini ya 2, ili madini yabaki yameyeyuka. Ukitaka kujua kiasi kilichoyeyuka peke yake, unayachuja maji kwa kichujio cha mikroni 0.45 kabla ya kuweka asidi, na chupa ya pili unaiwekea asidi bila kuchuja. Na pH haipimwi mjini, inapimwa kisimani, kwa sababu maji ya chini yamebeba hewa ya ukaa ambayo hutoroka njiani, na maji yaliyotoka na pH ya 6.3 yanaweza kufika maabara yakionekana hayana ukali wowote. Simlaumu mpimaji. Alipima alicholetewa. Naomba tu karatasi ile isitumike tena kama ushahidi wa jambo lolote.

Tuangalie sasa pendekezo la mtambo wenyewe. Unatia klorini kwenye maji ya kisima, kisha unayapitisha kwenye katriji tatu za kuchujia zilizopangana. Tufanye hesabu pamoja. Kisima kinatoa lita 40,000 kwa siku. Kila lita ina miligramu 3.5 za chuma. Hiyo ni gramu 140 za chuma kila siku, na chuma kikishageuka kutu kinabeba oksijeni na maji, uzito unakaribia mara mbili: zaidi ya robo kilo ya tope kavu kwa siku, karibu kilo nane kwa mwezi. Tope hilo likiwa bichi ni laini na linavimba, linachukua nafasi kubwa kuliko uzito wake unavyoonyesha. Katriji zilizotengenezwa kuzuia vumbi kidogo nyumbani zitaziba baada ya muda mfupi sana, mhudumu atazibadilisha mpaka za akiba ziishe, kisha siku moja atafungua bomba la pembeni linalozikwepa katriji ili watu wapate maji. Kuanzia siku hiyo tutakuwa na mtambo unaopitisha maji machafu kama zamani. Ukiona mtambo wa maji ambao bomba lake la pembeni limeachwa wazi moja kwa moja, hesabu kama hii haikufanywa.

Aliyesema tununue badala yake mtambo wa kulainisha maji, ule unaooshwa kwa chumvi, pia namwomba asubiri. Unaweza kunasa chuma kidogo kilichoyeyuka, lakini kwa kiasi tulichonacho sisi, kutu itajifunga kwenye punje zake na kuzifunika, na chumvi haitaiondoa.

Klorini ina jambo zito zaidi, na hili halihusu nguo. Mhudumu wetu, kwa maelekezo aliyopewa, hutia gramu 60 za klorini ya unga ya asilimia 65 kwenye maji ya siku nzima. Hiyo inatoa karibu miligramu moja ya klorini kwa lita, kipimo kizuri kwa maji safi. Lakini chuma hula klorini kabla ya kijidudu chochote: kila miligramu ya chuma inakula karibu 0.64 ya klorini, na kila miligramu ya manganizi inakula karibu 1.3. Kwa maji yetu hiyo ni 2.2 kwa chuma na 0.65 kwa manganizi, jumla karibu 2.9. Tunatia moja mahali ambapo madini peke yake yanadai karibu tatu. Nilipima klorini iliyobaki kwenye vituo vitatu vya kuchotea maji na haikuwapo hata kidogo. Kwa hiyo watu wanaamini maji yametiwa dawa, kumbe dawa yote imeishia kutengeneza kutu ndani ya tangi. Akina mama wanaoacha kuchemsha kwa sababu wameambiwa maji yametibiwa wanapaswa kuambiwa ukweli huu wiki hii, si baada ya mkataba.

Na kuongeza klorini bila kichujio sahihi nyuma yake hakutatusaidia. Chuma kitageuka haraka, ndani ya tangi. Manganizi hugeuka polepole, kwa hiyo itapita tangini ikiwa bado imeyeyuka na kuja kuganda ndani ya mabomba ya mtaani. Huo ndio utando mweusi. Kila mgao wa maji ukirudi kwa nguvu unaubandua na kuupeleka kwenye ndoo ya mtu.

Ninachopendekeza ni cha zamani, na ni rahisi kukiendesha: hewa, chokaa, mchanga wa kwanza, mchanga wa pili, kisha klorini mwisho kabisa.

Hewa haina gharama kubwa. Miligramu moja ya oksijeni inatosha kugeuza miligramu saba za chuma, kwa hiyo chuma chetu kinahitaji nusu miligramu tu, na maji yaliyopigwa hewa vizuri hubeba karibu nane. Trei nne za matundu zilizopangwa moja juu ya nyingine, maji yakidondoka kutoka trei hadi trei kama mvua, zinatosha. Kazi kubwa ya trei hizo ni kuifukuza hewa ya ukaa, ambayo ndiyo inayoyafanya maji kuwa makali. Hapa ndipo penye siri ya chuma. Kasi ya chuma kugeuka kutu hutegemea sana pH: ikipanda kwa moja, kasi huongezeka karibu mara mia. Kwenye pH ya 6.3 tunaweza kusubiri saa nyingi. pH ikivuka 7 tunahesabu kwa dakika. Hewa peke yake huenda isitufikishe hapo, kwa hiyo chini ya trei kuwe na kitanda cha kokoto za mawe ya chokaa, ambazo huyeyuka taratibu na kupandisha pH zenyewe. Hakuna dawa ya kupima kila siku. Kokoto zikipungua, zinaongezwa. Lakini zitavikwa kutu kama zikikaa mahali ambapo tope linatuama, kwa hiyo mhudumu azisugue na kuzisuuza, na atajua zimelala pale pH ya maji yanayotoka itakapoanza kushuka.

Kisha mchanga, vichujio viwili vinavyofuatana. Naomba Mhandisi asivibane kuwa kimoja kwa kuokoa saruji. Kichujio cha kwanza ni cha kunasa chuma, cha pili ni cha kunasa manganizi, na mpangilio huo haugeuziki. Manganizi haigeuki kwa hewa peke yake isipokuwa pH ipande mpaka 9 na zaidi, na hatutaki kuyafikisha maji ya kunywa huko. Inachohitaji ni punje za mchanga zilizokwisha kuvaa ngozi nyeusi ya manganizi yenyewe. Ngozi hiyo hunasa manganizi mpya na kuigeuza. Chuma ambacho hakijageuka kikifika kwenye ngozi hiyo kinaivua, na manganizi iliyokwisha kunaswa inayeyuka tena na kurudi kwenye maji. Ndiyo maana chuma kimalizwe kwanza.

Ukubwa wake hautishi. Pampu ya sola inasukuma vizuri kwa saa sita hivi, yaani karibu mita za ujazo 6.5 kwa saa. Kichujio cha duara chenye upana wa mita 1.3 kinayapitisha maji hayo kwa mwendo wa karibu mita tano kwa saa, mwendo ambao mchanga wa milimita 0.8 hadi 1.2, wenye kina cha karibu mita moja, unaumudu. Fundi anayejenga matangi ya saruji na wavu wa waya anaweza kuvijenga vyote viwili hapahapa.

Ugumu upo kwenye kuviosha, na nataka kamati iujue kabla haijakubali. Mchanga huoshwa kwa kurudisha maji kutoka chini kwenda juu kwa nguvu ya kutosha kuunyanyua na kuusugua. Mchanga wa ukubwa huu unahitaji mwendo wa karibu mita 40 kwa saa, yaani mita za ujazo 53 kwa saa kwa kichujio chetu, kwa muda wa dakika tano. Hizo ni lita 4,400. Maji hayo hayawezi kutoka kwenye pampu ya kisima. Yatoke kwenye tangi la plastiki la lita 5,000 lililowekwa juu ya mnara, linalojazwa maji yaliyochujwa na pampu ndogo, kupitia bomba la inchi 4. Mkiweka bomba la inchi 2 kwa sababu lipo stoo, mchanga hautanyanyuka, tope litashikamana na kuwa mabonge, na ndani ya miezi michache maji yatatafuta njia ya pembeni mwa mabonge hayo bila kuchujwa. Kichujio cha kwanza kitaoshwa labda kila baada ya siku mbili, kadiri kinavyoziba. Cha pili mara chache zaidi. Maji ya kuoshea yaingie kwenye shimo la kutuamisha tope, yasielekezwe kijitoni.

Kichujio cha pili hakitafanya kazi siku ya uzinduzi. Ngozi nyeusi huchukua wiki nyingi kuota, pengine miezi, na kabla ya hapo manganizi itaendelea kupita. Ikiwezekana kupata magunia machache ya mchanga uliokomaa kutoka kwenye mtambo mwingine unaofanya kazi, muda huo hupungua. Lakini wananchi waambiwe mapema, ili wasije wakasema mradi umekufa wakati unaota.

Najua kuna wajumbe wanaoona manganizi kama suala la sinki tu, tulishughulikie chuma na tuishie hapo. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu 0.1 na sisi tuna 0.5. Shirika la Afya Duniani, kwenye marekebisho yaliyochapishwa mwaka 2022, liliweka kipimo cha muda cha kiafya cha 0.08, na lilikiweka likiwafikiria hasa watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya kopo, kwa kuwa miili yao hunyonya manganizi nyingi na huitoa kidogo, na wasiwasi uko kwenye ukuaji wa ubongo. Chuma hakina kipimo cha kiafya cha namna hiyo. Kwa hiyo kati ya madoa mawili, jeusi ambalo watu hulalamikia kidogo ndilo linalopaswa kuwahangaisha ninyi zaidi. Nesi wa zahanati awashauri akina mama wanaotumia maziwa ya kopo wakorogee maji ya mvua yaliyochemshwa vizuri, mpaka kichujio cha pili kikomae na kupimwa. Kuchemsha maji ya bomba hakuondoi manganizi.

Kwa madoa yaliyopo sasa, tangazo moja kwenye ubao wa kijiji lingeokoa nguo nyingi. Watu waache kutia jiki kwenye nguo nyeupe zilizofuliwa kwa maji haya. Jiki ni klorini. Inakigeuza chuma kilichomo kwenye maji kuwa kutu ndani ya uzi wenyewe, na doa linakaa. Shuka za zahanati ziliharibikia hapo, kwenye beseni la jiki. Maji ya kufulia yakingwe jana yake, yakorogwe kidogo yapate hewa, yalale usiku, na asubuhi yamiminwe taratibu, tope libaki chini. Doa la kutu linalainika kwa maji ya ndimu au unga wa asidi ya sitriki, likiachwa kwa muda kisha kusuuzwa sana. Doa jeusi ni gumu zaidi kwa ndimu, ila vidonge vya vitamini C vilivyosagwa na kulowekwa kwenye maji kidogo huliyeyusha. Kwa sinki, mafundi hutumia asidi ya oksaliki; ni sumu, ivaliwe glavu na isiachwe mahali watoto wanapofika. Wala asidi yoyote, hata ndimu, isichanganywe na jiki kwenye beseni moja, kwa sababu itatoka hewa ya klorini inayounguza mapafu.

Ninayoyaomba kwenu ni haya. Vipimo virudiwe kwenye visima vyote viwili kwa utaratibu nilioueleza, mwenyekiti wa kijiji na mwalimu wakishuhudia, na namba zibandikwe ubaoni jinsi zilivyo. Mabomba ya shule yabadilishwe wakati wa likizo hii. Mzabuni aombwe kueleza kwa maandishi robo kilo ya tope kwa siku itakwenda wapi, na manganizi itatolewa na nini. Asipoweza kujibu mawili hayo, zabuni itangazwe upya. Na kabla ya kumwaga saruji, tujaribu kwa mapipa matatu ya lita 200 pale kisimani, la kokoto za chokaa na mawili ya mchanga, yakipitisha maji kidogo kila siku mpaka tuone kichujio cha pili kimeanza kunasa. Mhandisi atapata hapo namba zake halisi za pH, za kuziba kwa mchanga na za muda wa kukomaa, badala ya kuzikisia kama nilivyolazimika mimi kwenye baadhi ya mistari ya barua hii.

Kifaa cha pH ninacho, na chupa na asidi ya kuhifadhia sampuli naweza kuziandaa. Nitahitaji tu ruhusa ya kufunga pampu ya shule jioni moja, na mtu wa kamati atakayekuwapo alfajiri kabla watoto hawajafika.

Wenu katika huduma,
Mtumia maji na mstaafu wa maabara ya maji

Nakala: Mwalimu Mkuu, Mganga Mfawidhi wa zahanati, Mtendaji wa kijiji, ubao wa matangazo